Mizania imelingana, lakini hesabu si kweli: kutatua matatizo ya kugeuza daftari la duka kuwa hesabu kamili

Mwisho wa Desemba 2024, mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi Korogwe aliniita nimfungie hesabu za mwaka. Alikuwa na kauntabuku la mauzo ya kila siku, daftari la madeni ya wateja, na bahasha nene ya ankara na risiti za wauzaji wa jumla wa Tanga mjini. Ukiongeza taarifa ya benki, ndiyo yote. Hapakuwa na leja wala urari, na kila tukio lilikuwa limeandikwa upande mmoja tu: hela imeingia, hela imetoka, fulani anadaiwa.

Kazi ya kugeuza vitabu vya namna hii kuwa hesabu kamili inasimama juu ya mlinganyo mmoja:

```
Mali = Madeni + Mtaji
```

Ukijua mali zote na madeni yote ambayo duka linadaiwa siku fulani, mtaji wa siku hiyo unapatikana kwa kutoa. Wengi tunalijua hilo, lakini tunasahau linalofuata: kwa kuwa mtaji ni baki, unameza kila kosa bila kupiga kelele. Ukisahau mali ya milioni moja, mtaji unapungua milioni moja, mizania inalingana vilevile, na hakuna kinachokuonya. Ndiyo maana naandika kwa kufuata dalili. Hesabu za upande mmoja hazikuambii zimekosewa wapi, ila zina dalili zake ukizitazama kwa makini.

Dalili ya kwanza: watu wanalipa madeni ambayo hayajazaliwa

Nilipofungua daftari la madeni, Januari na Februari 2024 zilijaa malipo. Fundi mmoja kaleta 180,000, mwalimu mmoja kaleta 95,000, na wengine kadhaa. Nikarudi nyuma kutafuta walikopa lini. Ndani ya mwaka 2024 sikuona mahali walipochukua kitu.

"Mama, hawa wamelipia nini?"

"Hao ni wa mwaka ule mwingine, mwanangu. Daftari lao limeisha, lipo nyumbani."

Ukiona malipo yasiyo na mauzo yake ndani ya mwaka, jua mtaji wa mwanzo haujakamilika. Siku mwaka unaanza kulikuwa na watu wanaodaiwa, na deni la mteja ni mali ya duka sawa na saruji iliyo stoo. Mtu asipoliorodhesha, hela ya mwaka jana itahesabiwa kama mauzo ya mwaka huu na faida itavimba kwa kiasi kilekile.

Orodha aliyonipa awali ya tarehe 1 Januari 2024 ilikuwa fupi: bidhaa 8,060,000, benki 1,100,000, hela ya droo 250,000, rafu na kaunta na mizani 1,600,000, na deni la wauzaji wa jumla 2,300,000. Mtaji ulikuja 8,710,000. Kila mwaka mpya huwa anahesabu bidhaa na kuandika, jambo ambalo wafanyabiashara wengi hawafanyi, kwa hiyo nilikuwa na mahali pa kuanzia.

Nilimwomba alete daftari la nyumbani. Tukaokota jina moja moja mpaka tukapata wadaiwa wa 1,450,000. Kisha nikauliza kuhusu pango, kwa sababu huku kodi ya fremu hulipwa miezi sita kwa mkupuo. Alikuwa amelipa 720,000 tarehe 1 Oktoba 2023, yaani miezi ya Januari, Februari na Machi 2024 ilikuwa imeshalipiwa. Hiyo ni 360,000 aliyoitanguliza, nayo ni mali.

Kikabaki kiini cha tatizo: zile bidhaa za 8,060,000. Nilitazama mistari michache na kukuta misumari imeandikwa kwa bei anayouzia wateja, si bei aliyonunulia. Alihesabu akiwa dukani, bei kichwani ni ya kuuzia, basi akaandika hiyo. Hili ni kosa la kawaida mno, na dawa yake si kukisia. Nilichukua ankara za Novemba na Desemba 2023, nikapitia orodha yake bidhaa kwa bidhaa na kuweka bei ya kununulia. Jumla ikawa 6,200,000.

Hapo nilipata kitu cha ziada kilichokuja kunifaa baadaye. Ukigawa 8,060,000 kwa 6,200,000 unapata 1.3. Maana yake kwa wastani anaongeza shilingi 30 juu ya kila shilingi 100 anayonunulia. Kama huna ankara na unajua nyongeza hiyo kwa uhakika, unaweza kugawa bei ya kuuzia kwa 1.3. Usitoe asilimia 30. Asilimia 30 ya 8,060,000 ikitolewa inabaki 5,642,000, na umepoteza 558,000 ambazo zilikuwa rafuni. Thelathini hiyo ilihesabiwa juu ya bei ya kununulia, kwa hiyo huwezi kuiondoa kwenye bei ya kuuzia kana kwamba ni kitu kilekile.

Orodha iliyotengenezwa upya ikasimama hivi:

| 1 Januari 2024 | Shilingi |
|---|---|
| Bidhaa, kwa bei ya kununulia | 6,200,000 |
| Wadaiwa | 1,450,000 |
| Benki | 1,100,000 |
| Hela ya droo | 250,000 |
| Rafu, kaunta na mizani | 1,600,000 |
| Pango lililotangulizwa | 360,000 |
| Jumla ya mali | 10,960,000 |
| Toa: wadai (wauzaji wa jumla) | 2,300,000 |
| Mtaji wa mwanzo | 8,660,000 |

Sasa linganisha. Mtaji wa kwanza ulikuwa 8,710,000, wa pili 8,660,000, na tofauti ni 50,000 tu. Mtu mwenye haraka angesema orodha ya awali haikuwa mbaya. Lakini ndani yake bidhaa zilizidishwa kwa 1,860,000, na wadaiwa pamoja na pango vilipunguzwa kwa 1,810,000. Makosa mawili makubwa yalifunikana. Faida halisi ingekaribia ukweli kwa bahati, ila mauzo ya mkopo yangezidi kwa 1,450,000 na gharama ya bidhaa zilizouzwa ingezidi kwa 1,860,000. Ukimpelekea mwenye duka hesabu hizo afanye uamuzi wa bei, unampoteza. Kwa hiyo mtaji wa mwanzo haukaguliwi kwa jumla yake. Unakaguliwa mstari kwa mstari, na kila mstari uwe na karatasi au mtu wa kuuthibitisha.

Simu nayo ni mali. Wateja wengi wa mama huyu walilipa kwa simu, lakini kila jioni alitoa hela kwa wakala na kuitia kwenye droo, na salio la simu kwenye tarehe zote mbili lilikuwa chini ya 5,000. Nikaliacha. Kwa duka linaloacha laki tatu au nne kwenye simu, omba taarifa ya miamala na uweke mstari wake.

Dalili ya pili: mtaji umeongezeka kidogo mno kuliko maisha ya mwenye duka

Tarehe 31 Desemba 2024 tulihesabu pamoja, mara hii kwa bei ya kununulia. Bidhaa zilikuwa za 7,050,000. Wadaiwa 1,980,000, benki 740,000, droo 180,000, pango lililotangulizwa 360,000 tena. Rafu na kaunta nilizipunguzia uchakavu wa asilimia 10, zikabaki 1,440,000. Jumla ya mali 11,750,000. Wauzaji wa jumla walikuwa wanadai 2,750,000. Mtaji wa mwisho: 9,000,000.

Ukitoa 8,660,000 unabaki na 340,000. Mama alinitazama kwa uchungu. "Mwaka mzima nimekaa dukani kwa laki tatu na nusu?"

Hapana. Mtaji hubadilika kwa mambo matatu: faida huuongeza, fedha mpya ya mwenye duka huuongeza, na matumizi binafsi huupunguza. Tofauti ya mitaji miwili haiwi faida mpaka mambo hayo mawili ya pembeni yaondolewe:

```
Faida = Mtaji wa mwisho - Mtaji wa mwanzo
        + Matumizi binafsi - Mtaji ulioongezwa
```

Taarifa ya benki ilionyesha 1,000,000 iliyoingia Juni. Ilitoka kwa kijana wake aliyemtumia akuze duka. Hiyo ni mtaji ulioongezwa. Ukiichanganya na mauzo, faida inapanda kwa milioni nzima ambayo duka halikuitengeneza. Benki hiyohiyo ilionyesha ada ya shule 520,000, ambayo ni matumizi binafsi. Na kutoka kwenye droo, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa akichukua "laki mbili hivi" kila mwezi, yaani 2,400,000 kwa mwaka.

Kwa hesabu hiyo faida ilikuja: 340,000 jumlisha 2,920,000 toa 1,000,000, sawa na 2,260,000. Shika namba hiyo, kwa sababu itabadilika.

Kodi ya mapato nimeiacha nje ya mfano huu. Ikilipwa kwa hela ya duka, ingiza kwenye matumizi binafsi ya mwenye duka, usiiweke kwenye gharama za uendeshaji.

Dalili ya tatu: kauntabuku la mauzo linasema kidogo kuliko benki

Njia ya mitaji inakupa faida kwa jumla lakini haikuonyeshi ilivyopatikana. Ili upate hesabu kamili unahitaji mauzo na manunuzi ya mwaka, na hapa ndipo daftari la upande mmoja linapoleta shida.

Kauntabuku lilijumlisha mauzo ya taslimu ya 19,120,000. Lakini droo hiyohiyo ilipeleka benki 27,000,000. Hata ukitoa 7,900,000 zilizolipwa na wadaiwa, zinabaki 19,100,000 zilizofika benki kutokana na mauzo. Kama mauzo yote ya taslimu yalikuwa 19,120,000, basi mshahara wa kijana wa duka ulilipwa na nini? Na ile laki mbili ya nyumbani?

Chanzo ni desturi ya jioni. Anafunga duka, anahesabu kilichobaki kwenye droo, anaandika "mauzo ya leo". Kumbe ameshatoa nauli ya kirikuu, hela ya umeme na hela ya mboga. Anaandika masalio akidhani ni mauzo. Ukikuta mauzo ya kitabu yanakaribiana sana na hela iliyopelekwa benki, shuku desturi hiyo, kisha acha kabisa kutumia jumla ya kauntabuku. Jenga upya hesabu ya droo uone mauzo yalipaswa kuwa kiasi gani.

Vilivyotoka kwenye droo ni hivi: benki 27,000,000, mshahara 1,800,000, kirikuu na bodaboda za kupelekea wateja mzigo 640,000, umeme, leseni na mengineyo 420,000, matumizi ya nyumbani 2,400,000. Ongeza 180,000 iliyobaki tarehe 31 Desemba. Jumla 32,440,000. Upande wa kuingia tunajua 250,000 ya mwanzo na 7,900,000 za wadaiwa. Kinachopungua ni 24,290,000, na hayo ndiyo mauzo ya taslimu.

Wadaiwa nao unawajenga kwa njia hiyohiyo. Walilipa 7,900,000, mwisho walikuwa wanadaiwa 1,980,000, na kuna fundi aliyehama mji akiwa na deni la 150,000 ambalo tulikubaliana halilipiki tena. Jumla 10,030,000. Toa 1,450,000 za mwanzo, mauzo ya mkopo ni 8,580,000. Mauzo yote ya mwaka ni 32,870,000.

Kwa wauzaji wa jumla, benki ilionyesha wamelipwa 26,400,000. Ongeza deni la mwisho 2,750,000, toa deni la mwanzo 2,300,000, manunuzi ni 26,850,000. Hapa pitia ankara za Desemba kwa makini. Mali kauli ikiletwa tarehe 29 na ankara yake ikaletwa Januari, mzigo utakuwa umehesabiwa stoo lakini deni lake halimo, na faida itapanda kwa thamani ya mzigo ule wote.

Dalili ya nne: mizania imelingana, lakini nyongeza haifiki

Hii ndiyo dalili inayonisumbua kuliko zote, na ndiyo inayopuuzwa zaidi.

Gharama ya bidhaa zilizouzwa ilikuwa 6,200,000 jumlisha 26,850,000 toa 7,050,000, yaani 26,000,000. Mauzo 32,870,000. Faida ghafi 6,870,000. Ukigawa kwa gharama unapata asilimia 26.4. Lakini kwenye bidhaa za mwanzo wa mwaka tuliona anaongeza asilimia 30. Kwa gharama ya 26,000,000 alitakiwa awe na mauzo ya 33,800,000. Zimepungua 930,000.

Mizania ilikuwa imelingana wakati huo. Italingana siku zote, na inafaa kuelewa kwa nini. Mauzo ya taslimu tumeyapata kama baki ya droo, na ndani ya droo mna matumizi binafsi ambayo tumeyakubali kwa maneno ya mdomo. Mama akisema alichukua 3,000,000 badala ya 2,400,000, mauzo yanapanda 600,000, faida inapanda 600,000, matumizi binafsi yanapanda 600,000, na mtaji wa mwisho unabaki 9,000,000 vilevile. Mlinganyo hauna uwezo wa kugundua kosa hilo. Una vitu viwili visivyojulikana ndani ya droo moja, na kila kimoja kinamfunika mwenzake. Lazima ushahidi utoke nje ya hesabu, na nyongeza ya bei ndiyo ushahidi ulio karibu.

Kabla ya kumshuku mtu, kagua kipimo chenyewe. Nyongeza ya 30 ilitokana na mchanganyiko wa bidhaa zilizokuwa rafuni Januari. Saruji huongezewa kidogo na huisha haraka, wakati kitasa na rangi huongezewa zaidi na hukaa. Kama mwaka huo aliuza saruji nyingi kuliko kawaida, nyongeza ya wastani ingeshuka bila mtu kuiba wala kusahau. Nilichukua ankara za mwaka, nikagawanya manunuzi kwa makundi, nikaweka nyongeza ya kila kundi kulingana na uzito wake. Jibu lilirudi karibu na 30. Kipimo kilikuwa sawa, kwa hiyo pengo lilikuwa la kweli.

Sababu zinazowezekana ni chache: hela ya nyumbani imezidi ile iliyotajwa, bidhaa zimeliwa na nyumba, kuna punguzo kwa wateja, kuna zilizoharibika, au kuna mkono kwenye droo. Mama alianza na hiyo ya mwisho. Alimtazama kijana wake wa duka, na kijana akainamisha kichwa. Nikamwomba tusifike huko kwanza. Nikauliza swali ninalouliza kila mahali: mwaka huu kuna ujenzi wowote nyumbani?

Kulikuwa na ujenzi. Chumba cha nyuma na choo. Saruji ilitoka dukani, kidogo kidogo, mifuko mitano leo, mitatu wiki ijayo, bila kuandikwa kwa sababu "si nimeuza, ni yangu". Fundi wake wa nyumba alikuwa na hesabu yake kwenye daftari dogo la mfukoni: mifuko 40. Kwa bei ya kununulia ya 15,000, ni 600,000.

Mifuko ile haikuuzwa. Haifai kukaa ndani ya gharama ya bidhaa zilizouzwa, wala haikutupwa. Inatolewa kwenye manunuzi kwa bei ya kununulia na kuingizwa kwenye matumizi binafsi. Gharama ikashuka hadi 25,400,000, faida ghafi ikapanda hadi 7,470,000, na nyongeza ikawa asilimia 29.4.

Kutoka hapo hadi 30 kamili zinapungua 150,000 za mauzo. Niliziacha. Mwaka mzima wa kupunguza mia tano hapa na elfu pale unaweza kuzila, na mabadiliko ya bei ya jumla vilevile. Kulazimisha mauzo yafike 33,020,000 ili asilimia ipendeze ni kuandika hela ambayo hakuna aliyeiona. Huo ndio mpaka wa kipimo hiki: kinakuambia pengo la 930,000 linahitaji maelezo, hakina uwezo wa kukuhesabia 150,000.

Na mtu ambaye hakuhesabu bidhaa za mwanzo kabisa afahamu kwamba hana kipimo hiki. Atarudi nyuma kwa kutumia nyongeza ile ile kupata bidhaa za Januari, kisha asilimia itakuja 30 barabara, kwa kuwa yeye ndiye aliyeiweka. Katika hali hiyo iandike wazi kwenye hesabu kwamba bidhaa za mwanzo ni makadirio.

Sasa hesabu ya mapato na matumizi inakamilika:

| Mwaka ulioishia 31 Desemba 2024 | Shilingi |
|---|---|
| Mauzo | 32,870,000 |
| Toa: gharama ya bidhaa zilizouzwa | 25,400,000 |
| Faida ghafi | 7,470,000 |
| Pango | 1,440,000 |
| Mshahara | 1,800,000 |
| Kirikuu na bodaboda | 640,000 |
| Umeme, leseni na mengineyo | 420,000 |
| Deni lisilolipika | 150,000 |
| Uchakavu | 160,000 |
| Faida halisi | 2,860,000 |

Jaribu kwa njia ya mitaji. Matumizi binafsi sasa ni 2,400,000 za droo, 520,000 za ada na 600,000 za saruji, jumla 3,520,000. Mtaji wa mwanzo 8,660,000, ongeza 1,000,000 iliyoingia Juni, ongeza faida 2,860,000, toa 3,520,000. Inabaki 9,000,000. Njia mbili zimekutana, na ile 2,260,000 ya mwanzo ilikuwa pungufu kwa thamani ya mifuko 40 hasa.

Dalili ya tano: njia mbili hazikutani

Faida ya hesabu ya mapato na matumizi ikitofautiana na faida ya mitaji, hapo una kosa la kuandika, na makosa hayo ni rahisi kuliko ya dalili zilizotangulia. Chukua tofauti uitafute kwanza kwenye karatasi zako kama ilivyo. Kwangu ilipotokea tofauti ya 600,000, nilikuwa nimetoa saruji kwenye manunuzi na kusahau kuiweka kwenye matumizi binafsi. Tofauti ya 360,000 ingekuwa pango lililorekebishwa upande mmoja wa mwaka tu. Tofauti ya 1,000,000 ingekuwa mtaji ulioongezwa Juni.

Usipoiona, igawe kwa mbili, kwa sababu kiasi kilichoongezwa mahali pa kutolewa huleta tofauti mara mbili yake. Ikigawanyika kwa tisa bila baki, huenda tarakimu zimepishana, kama 640,000 kuandikwa 460,000.

Mwangalie pia yule mpelekaji wa hela benki. Hela ikitoka kwenye droo jioni ya tarehe 31 Desemba na kuonekana benki Januari, usiihesabu kwenye droo, na kwenye taarifa ya benki bado haipo. Iongeze kwenye salio la benki kama hela iliyo njiani, la sivyo mauzo ya mwaka yatapungua kwa kiasi hicho.

Baada ya hapo: kufungua leja

Mizania ya 31 Desemba 2024 ndiyo orodha ya kufungulia 2025. Nilinunua kauntabuku jipya la kwaya tatu, nikaandika ukurasa wa kwanza tarehe 1 Januari 2025. Debiti: bidhaa 7,050,000, wadaiwa 1,980,000, benki 740,000, droo 180,000, rafu na kaunta 1,440,000, pango lililotangulizwa 360,000. Krediti: wadai 2,750,000 na mtaji 9,000,000. Pande zote mbili 11,750,000. Kila mdaiwa na kila muuzaji wa jumla akapata ukurasa wake, na jumla ya kurasa hizo lazima irudi kwenye 1,980,000 na 2,750,000. Jina lisiloingia kwenye ukurasa leo ndilo litakalolipa deni lisilojulikana mwaka unaofuata.

Kwenye droo tulibandika karatasi yenye safu mbili. Ya kushoto ni hela iliyopokelewa, inaandikwa mteja akiwa bado amesimama. Ya kulia ni hela iliyotolewa na jina la aliyeitoa, hata kama ni mama mwenyewe. Na karibu na mlango wa stoo likaning'inizwa daftari dogo kwa kamba, limeandikwa "NYUMBANI" kwa kalamu nene. Mfuko wa kwanza kuandikwa humo ulikuwa wa tarehe 6 Januari, saruji mmoja, na aliyeuandika ni yule kijana wa duka.